Zohali kwenye asendanti: mbona watu wakiniona mara ya kwanza wananidhania mkali?

Nyasi za Kitulo

Kamwene wakuu. Niko Mbeya mjini, nanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na Busokelo. Naomba msaada kwa wanaojua kusoma chati za kuzaliwa.

Mdogo wangu alinitengenezea chati kwenye simu. Inaonyesha asendanti yangu, yaani nyota iliyokuwa inachomoza mashariki nilipozaliwa, ni Kaa, digrii 13. Nimesoma maelezo ya Kaa anayechomoza: uso wa mviringo, mtu laini, mlezi, ukikutana naye unajisikia uko nyumbani. Huyo si mimi kabisa. Nikifika kijiji ambacho hawanijui, wakulima wananyamaza. Majuzi mzee mmoja aliniacha nimesimama uwanjani kwake, akaingia ndani kumwambia mkewe atoe madaftari ya kikundi maana mkaguzi ameshafika. Nilikuwa nimeshika mzani tu. Tukizoeana tunacheka vizuri, ila ile siku ya kwanza huwa ngumu kila mahali.

Uso wangu ni mwembamba, wa mifupa. Natembea taratibu. Nikiingia mahali pageni nasimama kwanza karibu na mlango, naangalia nani ni nani, ndipo nasogea.

Swali langu: sayari ikikaa kwenye asendanti inaweza kuifunika nyota yenyewe? Maana hapo kwangu sioni sayari yoyote. Nilizaliwa Mbeya, usiku wa tarehe 1 Agosti 1997, na mama anasema ilikuwa saa 5 na dakika 20.

Mwanjelwa Kona

Dada, inaweza kabisa. Sayari ikiwa kwenye asendanti ndiyo watu wanaiona kwanza, nyota inafuata nyuma. Na usiseme huna sayari. Nimeangalia chati yako kwa taarifa ulizotoa, Jua lako liko nyumba ya kwanza, nyota ya Simba. Ndiyo maana wanakuona bosi. Sayari yoyote iliyo nyumba ya kwanza inahesabika kuwa iko kwenye asendanti.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Saa yetu ya Tanzania inafuata longitudo ya digrii 45, na Mbeya tuko kama 33 na nusu. Kwa hiyo jua la Mbeya liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 46 hivi. Toa hizo dakika 46 kwenye muda wako ndipo utengeneze chati upya.

Kamwene_83

Mada nzuri sana. Mimi pia nyota yangu inaonekana imefunikwa, nikienda kuomba kazi hawaniiti tena. Naomba mnielekeze namna ya kuisafisha, na kama jina la mama linahitajika nitalileta.

Mzee wa Kalenga

Kamwene 83, unayoulizia ni elimu nyingine, ya nyota ya jina. Hapa tunazungumzia kile kilichokuwa kinachomoza upeo wa mashariki dakika ile mtoto anatoka. Fungua uzi wako, wapo watakaokujibu.

Mwanjelwa Kona, hoja ya kwanza umepatia, mbili zilizofuata zimepinda. Jua kwenye chati ile liko digrii 26 kutoka asendanti. Ni kweli liko nyumba ya kwanza, lakini halijakaa kwenye asendanti, na tofauti hiyo ni kubwa. Sayari ya nyumba ya kwanza inaongelea mtu anavyojiona na anavyojibeba kwa ujumla. Inayoonekana usoni kabla hajafungua mdomo ni ile iliyobanana na nukta yenyewe. Wengi wanaipa digrii 8 kila upande. Mimi kwa mambo ya mwili na sura naitegemea iliyo ndani ya digrii 3, zaidi ya hapo naanza kusitasita.

Kuhusu dakika 46, hesabu yako ya jua la Mbeya ni sahihi, lakini programu tayari inaifanya. Ukishaijazia longitudo ya Mbeya na saa ya Tanzania, yaani +3, imemaliza. Ukizitoa tena kwa mkono unaisogeza asendanti zaidi ya digrii 11, kwa kuwa kila dakika 4 inasogea kama digrii 1. Hapo sayari yoyote iliyokuwa mlangoni umeshaifukuza.

Sasa binti yangu Nyasi, nina swali moja kabla sijasema lolote. Mama aliposema saa 5 na dakika 20 usiku, mdogo wako aliandika nini kwenye simu? Aliandika 05:20?

Nyasi za Kitulo

Shikamoo mzee wangu. Nimemuuliza sasa hivi. Ndiyo, aliandika 05:20 na akachagua usiku wa kuamkia asubuhi. Nikimuuliza mama anasema watu walikuwa ndiyo wanaingia kulala, si karibu na alfajiri.

Mzee wa Kalenga

Marahaba mwanangu. Basi tumeupata mzizi. Saa 5 na dakika 20 usiku kwenye programu ni 23:20. Hili linawapata watu wengi huku kwetu, na ubaya wake halionyeshi dalili, chati inatoka nzuri tu na maelezo yanasomeka.

Lakini kuna namna ya kuligundua bila kumuuliza mtu. Angalia Jua limekaa wapi kwenye duara. Aliyezaliwa watu wanaingia kulala, Jua lake lazima liwe sehemu ya chini ya duara, karibu na nukta ya chini kabisa. Kwenye chati ya 05:20 Jua liko kushoto, chini kidogo ya asendanti, kama linavyokuwa kabla halijatoka. Huo ni mchoro wa mtu wa alfajiri, na mama yako amekataa alfajiri.

Nimeitengeneza upya kwa 23:20, Mbeya, kusini mwa ikweta. (Hakikisheni mnachagua kusini. Ukiiweka Mbeya kaskazini kwa bahati mbaya, asendanti inaweza kuhama hadi digrii 7, na programu nyingi hazitakuuliza.) Asendanti inatoka Punda, digrii 19. Zohali iko Punda, digrii 20. Ni tofauti ya digrii 1 hivi, na siku hiyo Zohali ilikuwa imesimama ili ianze kurudi nyuma, hali ambayo wanajimu wengi wanaichukulia kuwa inaipa sayari uzito zaidi.

Na tazama jambo hili. Kwenye ile chati ya makosa, Zohali hiyohiyo ilikuwa imekaa utosini, juu kabisa ya ramani. Ukikosea saa 6, au 18 kama hapa, sayari ya mawio inaishia utosini au chini kabisa. Kwa hiyo mngesoma kwamba Zohali inahusu kazi na cheo chako, na uso mngempa Kaa. Mmebadilishiwa chumba chote.

Nyasi za Kitulo

Mzee, nimesisimka. Sasa naomba uniambie Zohali ikikaa hapo inafanyaje hasa. Maana nikisoma mtandaoni kila mmoja anasema huzuni na magonjwa.

Mzee wa Kalenga

Achana na huzuni kwanza, tuanze na mwili.

Punda ni nyota ya kutangulia. Mwenye Punda peke yake kwenye asendanti anaingia mahali kichwa kikiwa mbele, anasalimia kabla hajaulizwa, anashika kitu kabla hajaruhusiwa. Zohali inafanya kinyume, inachelewesha, inapima, inataka kujua sheria za mahali kwanza. Zikikaa digrii moja, mwili unapokea amri mbili kwa wakati mmoja. Anayekutazama haoni mtu mpole wala mwoga. Anaona nguvu iliyozuiwa, na mtu asiyekujua akiona nguvu iliyozuiwa anadhani inamzuilia yeye. Ndiyo maana mzee yule alifikiria ukaguzi. Mtu mwenye Zohali katika nyota tulivu, tuseme Samaki, anaonekana mwenye haya au mwenye mawazo, lakini hadhaniwi mkaguzi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama sayari inaifunika nyota, jibu langu ni kwamba inatangulia kuonekana, na nyota inaipa namna ya kuonekana. Zohali ile ile inabadilika sura.

Kusimama mlangoni ni yake kabisa. Mwenye Mshtarii mawioni anaingia mikono ikiwa wazi na nafasi anaijaza, hata kama ni mwembamba. Mwenye Mwezi uso wake unabadilika kufuata aliye mbele yake. Mwenye Zohali anangoja mahali pajieleze. Huwa nawaangalia na mataya: wengi wanayakaza bila kujua. Wewe je?

Nyasi za Kitulo

Mzee wangu!! Daktari wa meno aliniambia magego yangu yamesagika kwa sababu nayabana usiku.

Mwalimu wa Tukuyu

Naomba niingie hapa kwa heshima, mzee Kalenga. Mimi nafundisha fizikia. Hesabu zako za asendanti nimezirudia na ziko sawa, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye mataya.

Umemweleza dada Zohali inafanya nini, halafu ukamuuliza kama anakaza taya. Mtu aliyekwisha kusisimka atakubali, na kama si taya atakubali mabega. Hiyo haipimi chati. Mwaka 1985 Shawn Carlson, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, alichapisha jaribio kwenye jarida la Nature. Wanajimu walipewa chati moja na maelezo matatu ya tabia, wachague ya mwenye chati. Walipatia kama thuluthi moja, yaani kiwango cha kubahatisha.

La pili, tuko Rungwe hapa. Mkamwana wa Kinyakyusa wa zamani hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, anakwepa njia akimwona. Mtoto wa kike analelewa asitangulie kusema mbele ya wazee. Mkimchukua binti aliyelelewa hivyo mkamweka kwenye uwanja wa mzee asiyemjua, atasimama kimya na uso wake utakuwa mgumu, hata asendanti iwe Zuhura mtupu. Zohali mnayoiona pengine ni malezi.

Mzee wa Kalenga

Mwalimu, la taya nalikubali, ningepaswa kumuuliza kabla ya kueleza. La Carlson pia ni kweli lilivyoandikwa, ingawa wapo waliobishana kuhusu namna alivyochambua namba zake.

Ila na mimi nikukumbushe Gauquelin. Mfaransa yule mwaka 1955 alitoa matokeo ya saa za kuzaliwa alizozitoa kwenye rejesta za serikali, maana kwao saa inaandikwa. Wanamichezo mashuhuri walikuwa na Mirihi iliyotoka kuchomoza, au iliyotoka kupita utosini, mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wanasayansi ilikuwa Zohali, kwa waigizaji Mshtarii. Watu wamegombania takwimu zake kwa miaka mingi na ugomvi haujaisha. Silileti kama ushahidi wa mwisho. Nalileta kwa sababu linagusa mahali palepale tunapozungumzia, upeo wa mashariki, na halikutegemea mtu kukubali lolote kuhusu mataya yake.

La malezi ndilo zito zaidi kwangu. Kwa mtu mmoja sina njia ya kulitenganisha na chati. Ninachofanya ni kuangalia ndugu. Nyasi, mna dada au kaka mliolelewa nyumba moja? Wao wakifika ugenini wanapokelewaje?

Nyasi za Kitulo

Tuko wanne. Dada yangu mkubwa amelelewa hivyohivyo, na yeye akifika kijijini wanamletea kiti na togwa kabla hajasema ametokea wapi. Huwa naenda naye kwa makusudi. Saa yake ya kuzaliwa mama haikumbuki.

Mwalimu wa Tukuyu

Hilo linapunguza hoja yangu kidogo, nakubali. Haliiondoi. Mtoto wa kwanza na wa tatu hawalelewi sawa hata kama nyumba ni moja.

Msomaji wa Vwawa

Mimi natumia mfumo wa Kihindi na kwangu dada huyu asendanti yake inatoka Samaki, digrii 25 na kitu. Sasa mnasema Punda. Tumuamini nani?

Mzee wa Kalenga

Kwa hili la leo, wote. Mfumo wako unarudisha kila kitu nyuma kama digrii 24, asendanti na Zohali pamoja. Umbali kati yao unabaki ileile digrii 1, na Zohali bado iko kwenye upeo wa mashariki. Kinachobadilika ni rangi ya nyota. Mimi nilisema Punda na nikajenga maelezo ya mkaguzi juu ya Punda. Wewe utalazimika kuyajenga juu ya Samaki, na nilishasema Zohali ya Samaki naiona tofauti. Hapo sisi wawili hatutakubaliana, na ni vizuri dada aone kwamba hatukubaliani.

Mama Kulwa Makambako

Habari za jioni jamani. Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Nina mapacha wa kike, wamepishana dakika 15, nesi aliandika saa zote mbili kwenye kadi. Kulwa ana Mirihi digrii 2 ndani ya nyumba ya kwanza. Doto Mirihi yake imeshaingia nyumba ya kumi na mbili, digrii 2 hivi kutoka asendanti. Niliambiwa na mtu kwamba ya Doto imejificha, atakuwa mpole. Ni kinyume. Mgeni akija, Doto ndiye anayefungua mlango, anamwangalia usoni na kumuuliza amekuja kufanya nini. Ana kovu la kichwani la kugonga meza akikimbia. Kulwa naye ana hasira, lakini mgeni haioni mpaka waanze kucheza.

Mwanjelwa Kona

Mama, nyumba ya kumi na mbili ni ya siri na vifungo. Huyo aliyekuambia hakukosea. Pengine kadi ilibadilishwa, Kulwa ndiye Doto.

Mzee wa Kalenga

Hapana, tusiwabadilishe watoto wa watu ili kanuni ipone.

Mama Kulwa, hesabu yako inaingia vizuri. Kwa dakika 15 asendanti inasogea kama digrii 4, kwa hiyo Mirihi iliyokuwa digrii 2 chini ya upeo kwa Kulwa inakuwa digrii 2 juu ya upeo kwa Doto. Kwa Kulwa ilikuwa bado haijatoka. Kwa Doto ilikuwa imeshachomoza, na kama anga lilikuwa wazi na giza, mtu aliyesimama nje angeiona. Ndiyo sababu sikubali kuiita sayari iliyotoka kuchomoza iliyojificha, hata kama kwa hesabu ya nyumba imeangukia ya kumi na mbili. Ukumbuke Gauquelin naye aliikuta Mirihi upande huohuo, baada ya kuchomoza. Ikienda digrii 15 au 20 juu, hapo nitaanza kuisoma kama ya kumi na mbili. Mstari huo unapita wapi hasa, kila msomaji ana wake.

Mwalimu wa Tukuyu

Hapa ndipo pangepimika. Mapacha waliopishana dakika 15 wenye saa zilizoandikwa, nyumba moja, malezi mamoja. Mama Kulwa, usiwaambie lolote. Mwombe jirani ambaye hajui chati aandike mgeni anaonaje kila mtoto.

Mama Kulwa Makambako

Nitamwomba mwalimu wao wa chekechea, yeye amewapokea wakiwa wageni kabisa.

Nyasi za Kitulo

Mzee wangu, naomba la mwisho. Kwenye chati mpya naona Mirihi iko Mizani, digrii 22, upande wa pili wa duara mkabala na Zohali. Hiyo inaingiaje kwenye siku yangu ya kwanza na watu?

Mzee wa Kalenga

Umeona vizuri, nilikuwa nasubiri uifikie mwenyewe. Mirihi ndiye mwenye Punda, kwa hiyo ndiye mwenye asendanti yako, na amekaa kwenye machweo, upande wa watu unaokutana nao. Wewe unasimama na Zohali, kasi yako umeiweka kwao. Ukinyamaza, wao ndio wanaoanza kwa ukali. Nadhani mazungumzo yako ya kwanza mara nyingi yanaanza na mtu kukubishia bei kabla hujaitaja. Safari hii usinijibu kwamba ni kweli au si kweli. Muulize dada yako anayekwenda nawe, na usimwambie nimesema nini.

Na uihakiki saa. Mama akiwa amekadiria dakika 20, Zohali inaweza kuwa digrii 4 au 6 kutoka asendanti badala ya 1, na haya yote niliyoyasema yanapungua nguvu. Njia moja ya kuhakiki ni mwaka 2027, Zohali itakaporudi digrii 20 ya Punda. Saa yako ikiwa sahihi, itapita juu yake yenyewe na juu ya asendanti karibu kwa pamoja, na mwili ndio unaotangulia kuonyesha: uzito, meno, mifupa, namna watu wapya wanavyokuita. Ikiwa mama alikosea dakika 20, vipindi hivyo viwili vitaachana kwa wiki kadhaa. Andika tarehe.

Nyasi za Kitulo

Dada nimemuuliza, bila kumwambia kitu. Anasema wananibishia, ndiyo, ila anadhani ni kwa sababu natoa mzani kabla ya salamu kuisha. Kadi ya kliniki mama anadhani iko kwenye sanduku kwa bibi, Tukuyu. Naenda Jumamosi kuitafuta.